Nilimkuta na nondo, nikamwachia

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkufunzi msaidizi, nina miezi minane kazini. Wiki iliyopita nilisimamia mtihani wa Takwimu wa mwisho wa muhula. Wanafunzi walikuwa kama 280 katika ukumbi mmoja, wasimamizi watatu, na mmoja wetu alitoka kupokea simu akachelewa sana kurudi. Nikamkuta binti wa mwaka wa pili ana nondo, karatasi ya kuibia mtihani, ndani ya mfuniko wa kikokotoo. Alianza kutetemeka. Akaninong'oneza kwamba ana keri mbili za masomo aliyofeli, akifeli tena anadisko, yaani anaondolewa chuo, na kwao yeye ndiye wa kwanza kufika chuo. Kwetu adhabu ni kufukuzwa. Nilishindwa, Mwalimu. Nikaitia ile nondo mfukoni, nikamwambia aendelee na mtihani. Ninayo hadi leo kwenye droo ya ofisini. Mwenzangu ananiambia niichane, yaishe. Wanafunzi wawili wameshanifuata kuniuliza mbona fulani hakuandikwa. Bodi ya watahini inakaa baada ya wiki mbili. Nikiripoti namharibia maisha, nikinyamaza silali. Nifanye nini?
– Mkufunzi msaidizi, Kanda ya Ziwa

Marahaba, mwanangu.

Usiichane. Kabla hujasoma zaidi, itoe kwenye droo, itie kwenye bahasha, ifunge, na juu yake uandike siku uliyoichukua, somo, ukumbi, na siku unayoifunga. Tia saini. Usiandike tarehe ya nyuma ili ionekane uliifunga siku ile ile. Nimeona walimu wazuri wakiharibu jina lao kwa kosa hilo dogo la tarehe, wakati kosa la kwanza lingesameheka. Leo hii, siyo kesho, peleka bahasha na barua kwa ofisa mitihani wa kitivo chako. Maneno ya barua nitakupa mwishoni. Kwanza nataka uelewe unachokwenda kufanya, kwa sababu ukienda umejaa hofu tu utaandika nusu ya ukweli.

Nilikaa kwenye kamati ya udanganyifu wa mitihani ya chuo kimoja kwa miaka tisa. Nondo nilizoziona zilijaa makabati. Zipo zilizokunjwa mara nyingi kama feni ya karatasi, herufi ndogo mpaka unajiuliza aliziandika kwa kalamu gani. Zipo zilizoandikwa pajani, au kwa penseli pembeni ya jedwali la takwimu ambalo chuo chenyewe kinaruhusu liingie. Moja sitaisahau: ilikuwa imeandikwa upande wa ndani wa lebo ya chupa ya maji, ikabandikwa tena kwa gundi, mtu anasoma kupitia kwenye maji. Aliyeitengeneza alitumia usiku mzima. Usiku huo huo ungemtosha kulisoma somo lile.

Lakini mbele ya kamati, nondo peke yake haisemi kitu. Mwanafunzi anayejua kujitetea atasema, "Si yangu, niliikuta mezani." Ndiyo maana utaratibu upo, na nadhani hakuna aliyekufundisha, maana wakufunzi wengi wasaidizi hukabidhiwa fungu la karatasi za maswali na kuambiwa nenda. Ukiona nondo, hupigi kelele. Unamwita msimamizi wa pili aje aione ikiwa bado ipo pale ilipo, kisha unaichukua. Unaandika saa kwenye kijitabu cha majibu, pale pale mwandiko wake ulipofikia, ili baadaye ijulikane kipi kiliandikwa kabla na kipi baada. Unajaza fomu ya tukio, mwanafunzi anaandika maelezo yake na kutia saini. Akikataa, unaandika kwamba amekataa, na msimamizi mwenzako anasaini kama shahidi. Vyuo vingi humwacha aendelee na mtihani, vingine kwa kijitabu kipya, kwa sababu mpaka wakati huo hajahukumiwa. Kisha nondo, fomu na kijitabu vinakabidhiwa kwa msimamizi mkuu kabla hujatoka ukumbini.

Katika hayo yote, wewe una nondo tu. Huna saini, huna saa, huna shahidi aliyeiona ikiwa kwenye mfuniko, na imelala kwenye droo yako kwa wiki nzima. Nakuambia haya ili ujue kwamba inawezekana kabisa kamati ikasema ushahidi hautoshi na binti yule asipate adhabu yoyote. Usije ukaongeza chumvi kuuimarisha. Andika ulichokiona, kwa udhaifu wake. Ikiwa kesi itaanguka kwa sababu ya ulivyoishughulikia, iache ianguke mikononi mwa kamati.

Sasa tuje kwenye kilichokushinda. Hukushindwa kwa sababu hujali. Ulishindwa kwa sababu sheria yenu imekuwekea mkononi panga, na mbele yako amesimama mtoto anayetetemeka. Katika miaka yangu tisa kesi zilizoletwa zilikuwa chache mno kwa chuo cha ukubwa ule, na nilijipongeza nikidhani tumewatisha. Baadaye, katika mazungumzo ya chai, mwenzangu mmoja akaniambia, "Mimi nimeshawachania watano." Mwingine akasema wake hawezi kuwahesabu. Tulikuwa na adhabu kali kuliko zote, na hakuna aliyekuwa tayari kuitumia. Mwanafunzi anaijua hesabu hiyo kuliko sisi. Chukulia kwamba katika nondo mia zinazoingia ukumbini, kumi zinaonekana na moja tu inaandikwa. Kwa yule aliyeko ukingoni, kufukuzwa ni jambo lenye nafasi moja katika mia, ilhali kufeli bila nondo anakuona kwa macho yake. Atachagua nini? Cesare Beccaria, Mwitaliano, aliliandika hili mwaka 1764 akizungumzia makosa ya jinai: kinachozuia kosa ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake. Adhabu ndogo isiyokwepeka inaogopwa kuliko kubwa yenye tumaini la kuponyoka.

Mimi naamini kosa la nondo kwa mara ya kwanza listahili kufutiwa matokeo ya somo hilo na kusimamishwa kwa muda, na kufukuzwa kubaki kwa anayemfanyia mwenzake mtihani, anayeuza mtihani uliovuja na anayerudia. Wapo wenzangu wanaopinga, wanasema utakuwa umefungua mlango. Nawajibu kwamba mlango uko wazi tayari. Lakini hayo ni maneno ya kupelekwa kwenye kamati ya taaluma na seneti. Wewe uliyapeleka mfukoni mwako, na matokeo yake ni kwamba binti aliyekutana na wewe amepona, na kijana atakayekutana na msimamizi mkali ukumbi wa pili atafukuzwa kwa kosa lile lile.

Na hili linanirudisha kwenye mstari wa barua yako ulionigusa kuliko wote: wanafunzi wawili wamekufuata kukuuliza. Usiwaone ni wambeya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1964, mtafiti wa Marekani, William Bowers, aliwahoji wanafunzi zaidi ya 5,000 katika vyuo 99, na baada yake Donald McCabe akaendelea na kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Jambo lililojitokeza kwa nguvu katika kazi ya McCabe ni kwamba mwanafunzi anaamua kudanganya au kutodanganya kwa kutazama wenzake wanafanya nini na nini kinawapata. Wale wawili walikesha na madesa yao. Wakamwona mwenzao akishikwa, na dakika moja baadaye wakamwona ameinama anaendelea kuandika. Muhula ujao mmoja wao atakuwa na kikokotoo chenye mfuniko mzito. Huruma yako ilimfikia mmoja, na malipo yake wanayatoa waliokuwa wakiangalia.

Kuhusu binti mwenyewe, sina shaka alikuambia ukweli. Nimewasikiliza wengi, na mara chache nimekutana na mvivu mtupu. Nimekutana na hesabu za kutisha. Keri maana yake analibeba somo mwaka unaofuata juu ya masomo mengine, kwa hiyo anayeelemewa anaongezewa mzigo. Sapu, yaani mtihani wa marudio, katika vyuo vyetu vingi, hata ukiipata kwa alama tisini unaandikiwa C. Akilazimika kurudia mwaka mkopo husimama, bumu, ile posho ya kujikimu, haliji, na nyumbani hawajui hata maana ya kurudia mwaka, wanajua tu kwamba mtoto yuko chuo. Juu kabisa ya darasa nako si salama. Yupo anayeweka nondo siyo kuogopa kufeli, bali kwa sababu nafasi kama uliyonayo wewe inataka GPA ya 3.8 kati ya 5, na yeye ana 3.7. Huyu wa pili mara nyingi hatumtazami. Tunamfuata anayekaa nyuma mwenye macho mekundu.

Shinikizo hizo mimi na wewe hatuwezi kuziondoa kesho. Lakini kuna mambo mawili yaliyo mikononi mwa idara, na hayo ndiyo ninayotaka uyabebe ukishapeleka barua yako.

La kwanza ni ukumbi. Wachumi Steven Levitt na Ming-Jen Lin walichunguza somo moja la sayansi katika chuo kikuu chenye jina kubwa Marekani, wakatoa taarifa yao mwaka 2015. Walichukua majibu ya maswali ya kuchagua, wakatazama wanafunzi waliokaa pamoja wanafanana kiasi gani, hasa katika majibu ya makosa. Watu wawili kupata jibu sahihi pamoja ni kawaida. Kukosea pamoja, swali baada ya swali, kwa herufi ile ile, hiyo siyo bahati. Katika mitihani ya katikati ya muhula, walikadiria kwamba wanafunzi wasiopungua mmoja katika kumi walinakili kwa jirani. Kwenye mtihani wa mwisho viti vikapangwa kwa kubahatisha na wasimamizi wakaongezwa. Kunakili kukatoweka karibu kabisa. Wanafunzi walikuwa wale wale, na shinikizo lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni orodha ya viti na macho ukumbini.

Ninyi mlikuwa watatu kwa wanafunzi 280, mkabaki wawili. Kila mmoja ana watu 140. Hapo hata malaika angepitwa. Sijui kama wanafunzi wenu walijichagulia viti, lakini nikisema marafiki walikaa na marafiki huenda sijakosea. Orodha ya viti yenye namba za usajili zilizochanganywa inatoka kwenye kompyuta ya ofisa mitihani kwa dakika chache, inabandikwa mlangoni asubuhi ile ile ya mtihani, kabla haijajulikana nani atakaa na nani. Vifuniko vya vikokotoo vinaachwa mlangoni pamoja na simu na saa. Anayekwenda chooni anaandikwa saa ya kutoka na ya kurudi, na choo kinakaguliwa kabla mtihani haujaanza. Haya si makali hata kidogo. Yanamwondolea mwanafunzi kile kishawishi cha dakika ya mwisho, na yanakuondolea wewe ulazima wa kumkamata mtu.

La pili ni karatasi ya maswali, na hapa ikumbuke ile nondo uliyoifunga kwenye bahasha. Nakisia imejaa fomula: wastani, mkengeuko, jaribio la t la kulinganisha wastani wa makundi mawili huru, jaribio la t kwa jozi, labda na hatua za kukokotoa zilizonakiliwa kutoka kwenye mitihani ya miaka iliyopita. Nondo huandikwa na mwalimu, mwanangu. Mwanafunzi anaandika kile anachojua mwalimu atakiuliza. Mtihani unaosema "Taja sifa tano za mgawanyo wa kawaida" na kurudiwa kila mwaka kwa kubadili namba tu, unaomba nondo.

Sasa fikiria karatasi yenye ukurasa wa mwisho uliochapwa fomula zote, kila mtu anazo. Swali linasema: wakulima 12 wamepimiwa mavuno ya shamba moja moja kabla ya kutumia mbolea fulani, na msimu uliofuata mashamba yale yale yakapimwa tena. Je, mavuno yamebadilika? Chagua jaribio, eleza kwa nini umelichagua, kokotoa, kisha mwambie bwana shamba matokeo kwa lugha anayoielewa. Mwenye nondo ana fomula zote mbili, kama kila mtu. Kinachomshinda ni kuona kwamba vipimo viwili vimetoka kwa mkulima yule yule, kwa hiyo ni jozi, na inabidi kwanza atoe tofauti ya kila mkulima, akabaki na namba 12, siyo 24. Asiyeelewa atayachukulia kama makundi mawili huru, na utaliona kosa lake katika mstari wa kwanza. Hakuna karatasi ya kufichwa kwenye mfuniko wa kikokotoo inayoweza kumsaidia hapo.

Swali la namna hii lina gharama, sitakuficha. Kulisahihisha kunachukua muda, na kwa vijitabu 280 utaumia. Pia haliwezi kutungwa usiku mmoja, na msimu ujao itabidi utunge jingine kwa sababu hili litakuwa limeshazunguka kwenye makundi ya Wasapu. Halizuii kunakili kwa jirani pia, ndiyo maana nimetanguliza viti. Lakini lianze hata moja katika kila karatasi.

Turudi kwa binti. Ukiripoti, hatafukuzwa kesho. Ataandikiwa barua ya tuhuma, atapewa muda wa kujibu, ataitwa kwenye kamati, na ana haki ya kusikilizwa na kukata rufaa. Haki hizo ziko katika Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 13(6)(a), hazitegemei wema wa mkuu wa idara. Pale kwenye kamati ndipo zile keri mbili na hali ya kwao zinapotakiwa kusemwa, mbele ya watu wenye mamlaka ya kuzipima. Ukiulizwa, sema alivyokuambia, neno kwa neno, na useme kwamba hakukataa kuwa ni yake. Hilo pia ni sehemu ya ulichokiona na linaweza kumsaidia.

Usimwite ofisini kwako kumwonya kwamba unaripoti. Najua utatamani. Mkikaa wawili mlango umefungwa, na kesi iko mezani, yeye na wewe mtakuwa hatarini, maana lolote linaweza kusemwa baadaye kuhusu mlichozungumza. Akija mwenyewe, mlango ubaki wazi, mwite mwenzako mmoja, na umpeleke kwa mshauri wa wanafunzi. Mpigie mshauri kabla, umwambie kwamba kuna mwanafunzi anaweza kuja akiwa katika hali mbaya, asiachwe peke yake. Hili la mwisho lifanye hata kama mengine yote yatakushinda. Wapo waliopokea barua ya tuhuma wakiwa peke yao chumbani hosteli, na sitaki kukusimulia zaidi.

Wewe nawe utaulizwa kwa nini ulikaa nayo wiki nzima. Yawezekana ukapewa onyo la maandishi. Lipokee. Ikija kujulikana kwa njia nyingine, na kwa wale wanafunzi wawili itajulikana, hutaulizwa tena kwa nini ulichelewa. Utaulizwa ulipewa nini. Mwalimu wa kike kijana akishaulizwa hilo, au wa kiume, jibu lolote halisafishi.

Hii hapa barua. Ibadilishe kwa yaliyotokea hasa:

"Tarehe fulani, nikisimamia mtihani wa Takwimu ukumbi fulani, kadiri ya saa fulani, nilimkuta mwanafunzi mwenye namba ya usajili fulani akiwa na karatasi yenye maandishi ndani ya mfuniko wa kikokotoo. Niliichukua. Sikumwita msimamizi mwenzangu, sikujaza fomu ya tukio na sikupata saini ya mwanafunzi. Nilimruhusu aendelee. Karatasi ilikaa kwenye droo ya ofisi yangu hadi leo nilipoifunga kwenye bahasha niliyoambatanisha. Mwanafunzi aliniambia yafuatayo. Sikuripoti siku ile kwa sababu nilimwonea huruma na niliogopa ukubwa wa adhabu. Nakiri kwamba halikuwa jukumu langu kuamua. Wakati wa tukio wasimamizi ukumbini tulikuwa wawili kwa wanafunzi wapatao 280."

Sentensi ya mwisho usiiondoe, hata ukiambiwa inaiaibisha idara. Usitaje kwa jina aliyetoka na simu, wakitaka kumjua wataangalia ratiba. Wale wanafunzi wawili wakirudi, waambie tu kwamba suala liko kwa ofisa mitihani, basi. Na ukikabidhi, usiondoke dirishani mpaka nakala yako ipigwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe.